Sura ya Nane: Majina Yanayobaki Kwenye Leja

Siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu, leja ya biashara huwa imechanganya akaunti za aina mbili. Ziko zinazoeleza kilichopo: fedha iliyo mkononi na benki, wadaiwa, mashine, madeni, mtaji. Na ziko zinazoeleza kilichotokea: mapato ya mwaka mzima, mishahara, umeme, pango, na fedha alizochukua mwenye biashara kwa mahitaji ya nyumbani. Aina ya kwanza ni akaunti za kudumu, na salio lake huvuka kwenda mwaka mpya. Aina ya pili ni akaunti za muda. Zisipofungwa, mapato ya Januari yataandikwa juu ya mapato ya mwaka uliokwisha, na hakuna atakayejua mwezi huo biashara ilipata nini. Hiyo ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi ya kufunga hesabu, yaani kusafisha meza ili mwaka mpya uanze na sifuri. Ni sababu ya kweli, lakini haitoshi. Sura hii inatetea hoja moja: kufunga hesabu ni kumrudishia mwenye mali kilicho chake ndani ya akaunti yake ya mtaji, na kwa sababu hiyo urari unaoandaliwa baada ya kufunga usomwe kwanza kwa majina ya akaunti zilizobaki, jumla zifuate baadaye. Anayeanza na jumla, akaziona zimelingana na kufunika daftari, anaweza kuwa amepitisha kosa la mamilioni.

Tuanze na swali linaloonekana dogo: kwa nini mapato huandikwa krediti na gharama debiti? Jibu limo kwenye mtaji. Mtaji ni haki ya mwenye biashara ndani ya mali ya biashara, na akaunti yake huongezeka upande wa krediti. Mapato yanaongeza haki hiyo, kwa hiyo yanafuata upande wake. Gharama zinaipunguza, kwa hiyo zinakaa upande wa pili, na fedha anazochukua mwenyewe vilevile. Kwa nadharia, mtunza hesabu angeweza kuandika kila mapato na kila gharama moja kwa moja kwenye akaunti ya mtaji, na mtaji ungekuwa sahihi kila jioni. Ila akaunti hiyo ingejaa maelfu ya mistari, na mtu akiuliza umeme ulikula kiasi gani, ingebidi aipekue yote. Ndiyo maana tunafungua matawi ya mtaji: tawi la mapato, tawi la umeme, tawi la mishahara. Matawi hayo hukusanya habari kwa mwaka mmoja, na habari ikishasomwa, salio lake hurudi lilikotoka. Mfumo huu ni wa kale. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venisi mwaka 1494: akaunti za faida na za gharama zinaingizwa kwenye akaunti moja ya faida na hasara, kisha akaunti hiyo inafungwa kwa kuingizwa kwenye mtaji, na kabla ya kuhamia leja mpya jumla ya debiti zote inalinganishwa na jumla ya krediti zote. Wafanyabiashara wa Venisi walikuwa wakifanya hivyo kabla yake. Yeye aliandika desturi aliyoikuta.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni ulio na ukubwa wa kawaida. Mtu mmoja anamiliki mashine ya kusaga na kukoboa nafaka, amepanga fremu, na anafunga hesabu zake 31 Desemba 2024. Marekebisho ya mwisho wa mwaka yamekwisha kuandikwa: uchakavu wa mashine, mishahara ya Desemba ambayo haijalipwa, na pango la miezi mitatu ijayo lililolipwa mapema. Leja yake ina akaunti 17. Za muda ni nane. Mapato ya kusaga ni shilingi 13,900,000 na ya kukoboa 5,400,000. Gharama ni mishahara 4,200,000, umeme 5,100,000, pango 2,400,000, matengenezo 1,150,000 na uchakavu 1,200,000. Ya nane ni matumizi binafsi, yaani fedha alizochukua mwenyewe, 4,800,000. Mtaji wake ulikuwa 12,470,000 tarehe 1 Januari, na hadi sasa akaunti hiyo haijaguswa. Hapa ndipo penye jambo la kushangaza: mwaka mzima umepita, mashine imesaga, umeme wa luku umenunuliwa, karo za watoto zimelipwa, na akaunti inayopaswa kuonyesha haki ya mwenye mali bado inasema yaleyale ya mwaka jana.

Kufunga kunafanywa kwa maingizo manne kwenye jarida, kisha yanahamishiwa kwenye leja. Ingizo la kwanza linafunga mapato: kila akaunti ya mapato inadebitiwa kiasi kilekile cha salio lake ili ibaki sifuri, na akaunti ya faida na hasara inakreditiwa jumla yake, 19,300,000. La pili linafunga gharama: akaunti ya faida na hasara inadebitiwa 14,050,000, na kila akaunti ya gharama inakreditiwa salio lake. Baada ya hapo tusimame kidogo. Akaunti ya faida na hasara ina salio la krediti la 5,250,000, na salio hilo lazima lifanane na faida iliyoandikwa kwenye taarifa ya mapato na matumizi, hadi shilingi ya mwisho. Zikitofautiana, usiendelee, ipo akaunti iliyosahauliwa au iliyoingia isipostahili. Zikilingana, ingizo la tatu linadebiti faida na hasara 5,250,000 na kukrediti mtaji kiasi hichohicho. Kama mwaka ungekuwa wa hasara, pande zingegeuka: mtaji ungedebitiwa. Ingizo la nne linafunga matumizi binafsi moja kwa moja kwenye mtaji: mtaji unadebitiwa 4,800,000, na matumizi binafsi yanakreditiwa kiasi hicho. Mtaji sasa ni 12,470,000, ongeza 5,250,000, toa 4,800,000, unabaki 12,920,000. Katika ubia, ingizo la tatu lingegawa faida kwa kila mbia kulingana na mapatano yao; katika kampuni, faida ingeingia kwenye faida iliyolimbikizwa na gawio lingetolewa humo. Njia ni ileile.

Tazama namba hiyo ya mwisho. Faida ilikuwa zaidi ya milioni tano, lakini mtaji umeongezeka kwa shilingi 450,000 tu, kwa sababu karibu faida yote imekwenda nyumbani. Taarifa ya mapato na matumizi peke yake haiwezi kumwambia mwenye mashine hayo, kwa kuwa haigusi matumizi binafsi. Akaunti ya benki nayo haiwezi, kwa kuwa imechanganya fedha za kila aina. Habari hiyo inakaa mahali pamoja, kwenye akaunti ya mtaji iliyofungwa vizuri, ambako faida na kilichochukuliwa vimeandikwa kwa mistari miwili inayofuatana. Huu ndio ushahidi wangu wa kwanza kwamba kufunga kunafanya zaidi ya kurudisha akaunti kwenye sifuri.

Baada ya maingizo kuhamishiwa kwenye leja, huandaliwa urari wa baada ya kufunga. Unaorodhesha kila akaunti yenye salio, nalo salio linachukuliwa kutoka kwenye leja yenyewe. Kunakili kutoka kwenye mizania au kwenye karatasi ya kazi ni kupoteza muda, kwa sababu lengo ni kujua leja inasema nini baada ya kuandikwa kwa mkono. Kwa mwenye mashine yetu, urari unakuwa hivi:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Fedha taslimu | 640,000 | |
| Benki | 3,180,000 | |
| Wadaiwa | 900,000 | |
| Pango lililolipwa mapema | 600,000 | |
| Mashine | 12,000,000 | |
| Limbikizo la uchakavu | | 3,600,000 |
| Wadai | | 450,000 |
| Mishahara inayodaiwa | | 350,000 |
| Mtaji | | 12,920,000 |
| Jumla | 17,320,000 | 17,320,000 |

Akaunti tisa zimebaki kati ya 17, na jumla zimelingana. Watunza hesabu wengi huishia hapo. Basi tuone jumla hizo zinathibitisha nini hasa. Tuseme aliyefunga alisahau akaunti ya matengenezo. Akaunti ya faida na hasara itaonyesha 6,400,000 badala ya 5,250,000, na mtaji utafika 14,070,000. Je, urari utakataa? Hautakataa. Upande wa debiti utakuwa na matengenezo 1,150,000 yaliyobaki, jumla itakuwa 18,470,000, na upande wa krediti nao utakuwa 18,470,000 kwa sababu mtaji umezidi kwa kiasi hichohicho. Kwenye urari, kosa linaonekana kwa njia moja tu, nayo ni kusoma jina: matengenezo ni gharama, na gharama haina ruhusa ya kuwa kwenye orodha hii. Asiyelisoma ataingia mwaka 2025 na matengenezo ya 2024 yakiwa tayari yameandikwa. Faida ya mwaka mmoja itakuwa imezidi na ya mwaka unaofuata imepungua kwa kiasi kilekile, na mwisho wa mwaka wa pili mtaji utakuwa umejirekebisha wenyewe kimyakimya. Kwa hiyo kosa hilo linaweza kuishi bila kugunduliwa kamwe, ingawa miaka miwili ya faida imesemwa uongo.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu halizidishi jina bali linaliondoa. Akaunti ya uchakavu na akaunti ya limbikizo la uchakavu zina majina yanayofanana, na anayeanza huzichanganya. Ya kwanza ni gharama ya mwaka huu na inafungwa. Ya pili ni ya kudumu: inakusanya uchakavu wote tangu mashine iliponunuliwa, kwa mfano wetu miaka mitatu ya 1,200,000, na inakaa kando ya bei ya mashine hadi mashine iuzwe au itupwe. Mtu akiifunga nayo kwa kuidebiti 3,600,000 na kuikrediti faida na hasara, faida inapanda hadi 8,850,000 na mtaji hadi 16,520,000. Urari utalingana tena, safari hii kwa 17,320,000 ileile ya urari sahihi. Jumla haikubadilika hata shilingi. Kilichobadilika ni kwamba jina moja halipo, na mashine iliyosaga miaka mitatu imesimama kwenye leja kwa shilingi 12,000,000 kama iliyotoka dukani asubuhi. Ndiyo sababu nasema kusoma majina kuna pande mbili: kuuliza ni jina gani limebaki lisilostahili, na kuuliza ni jina gani limekosekana lililostahili kubaki. Swali la pili linahitaji kuwa na urari wa mwaka uliopita mkononi, ili kila akaunti ya kudumu iliyokuwamo itolewe maelezo ilikokwenda.

Hii haina maana kwamba jumla hazina kazi. Zinanasa makosa ya mkono, yaani pale upande mmoja ulipoandikwa tofauti na mwingine. Mtaji ukihamishwa kama 12,290,000 badala ya 12,920,000, jumla zitatofautiana kwa 630,000. Namba hiyo inagawanyika kwa tisa bila baki, na tofauti inayogawanyika kwa tisa ni dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Limbikizo la uchakavu likiwekwa upande wa debiti kimakosa, tofauti itakuwa 7,200,000, na nusu yake ni 3,600,000. Kwa hiyo tafuta kwenye orodha salio linalolingana na nusu ya tofauti. Hizi ni mbinu nzuri na zinaokoa saa nyingi. Lakini zinasaidia pale ambapo jumla zimekataa, wakati makosa mawili tuliyoyaona yalikaa ndani ya jumla zilizokubali.

Sasa tugeukie pingamizi. La kwanza linasema hakuna haja ya kufunga chochote. Mita ya maji hairudishwi kwenye sifuri kila mwezi. Msoma mita anachukua namba ya leo, anatoa namba ya mwezi uliopita, na ankara inatoka. Kwa nini akaunti ya umeme isiendelee kujumlisha miaka yote, na gharama ya mwaka ikapatikana kwa kutoa? Pingamizi hili lina nguvu, na kwa upande wa kupima ni sahihi kabisa: kwa kutoa tungeweza kupata faida ya mwaka wowote. Lakini mita haina mwenye haki ndani yake. Maji yaliyopita yamepita, hayadaiwi na mtu. Salio la akaunti ya mapato ni sehemu ya haki ya mwenye mali iliyowekwa mahali pengine kwa muda, na ikiachwa huko miaka mitano, akaunti ya mtaji itakuwa inasema mtaji wa miaka mitano iliyopita. Mbia akitaka kujitoa, warithi wakitaka kugawana, au benki ikiuliza mtaji wa mkopaji ni kiasi gani, hakuna akaunti hata moja kwenye leja itakayojibu.

Pingamizi la pili linakubali kufunga lakini linauliza kwa nini tupitie akaunti ya faida na hasara. Mapato na gharama zingeweza kuingia moja kwa moja kwenye mtaji, na mtaji ungekuwa uleule 12,920,000. Ni kweli, na biashara ndogo yenye akaunti chache inaweza kufanya hivyo bila dhambi. Inachopoteza ni kile kituo cha katikati ambapo salio la faida na hasara linalinganishwa na taarifa ya mapato na matumizi. Thamani ya kituo hicho inaonekana katika kosa la tatu, ambalo hata kusoma majina hakuwezi kulinasa. Mtu akifunga matumizi binafsi kwenye faida na hasara badala ya mtaji, faida itasomeka 450,000. Mtaji utakuwa 12,920,000, akaunti zilizobaki zitakuwa zilezile tisa, na urari wa baada ya kufunga utafanana na ule sahihi mstari kwa mstari. Lakini leja itakuwa imesema kwamba karo na chakula cha nyumbani ni gharama ya kusaga mahindi. Fedha anazochukua mwenye biashara kwa matumizi yake hazikatwi kwenye mapato wakati wa kukokotoa kodi, kwa hiyo anayepeleka faida ya 450,000 kwa mamlaka ya kodi amejitafutia maswali. Kosa hili linakamatwa kabla ya ingizo la tatu au halikamatwi. Kwa hiyo nikubali mpaka wa hoja yangu: kusoma majina kunashinda kusoma jumla, ila kunahitaji mwenzake, ambaye ni ulinganisho wa faida kabla haijaingia kwenye mtaji.

Pingamizi la tatu ni la wakati wetu: programu za kompyuta zinafanya yote hayo. Ni kweli kwa sehemu. QuickBooks, kwa mfano, mwaka mpya wa hesabu ukianza huonyesha mapato na gharama zikiwa sifuri na kuiongeza faida ya mwaka uliopita kwenye upande wa mtaji, bila mtunza hesabu kuandika ingizo la kufunga. Lakini haifungi akaunti ya matumizi binafsi. Hiyo inaendelea kukua mwaka hadi mwaka mpaka mtu aandike ingizo la nne mwenyewe. Mwenye biashara aliyetumia programu miaka minne bila kulijua hilo ataona orodha yenye faida iliyolimbikizwa miaka minne, na matumizi binafsi ya miaka minne yakiwa yamekaa peke yake, na jumla zikiwa zimelingana vizuri. Programu imeondoa makosa ya mkono, ambayo jumla zilikuwa zikiyanasa. Imetuachia makosa ya kuchagua akaunti, ambayo jumla hazikuwahi kuyanasa. Kwa hiyo hoja ya kusoma majina ina uzito zaidi leo kuliko enzi ya leja za karatasi.

Yako mambo ambayo urari huu hauwezi kuyajua kwa njia yoyote. Mishahara ya Desemba ya 350,000 ingesahauliwa kabla ya kufunga, gharama na deni vingekosekana pamoja, na orodha isingelalamika. Mdaiwa aliyetoroka na deni lake atakaa kwenye orodha kama mdaiwa mwema. Hayo ni ya hatua iliyotangulia, ya marekebisho, na dawa yake ni hati: ankara, karatasi ya mishahara, barua ya benki. Urari wa baada ya kufunga unathibitisha kwamba leja imefungwa sawasawa. Kama yaliyomo ndani yake ni ya kweli ni swali lingine.

Basi unapofunga hesabu za mwaka, fuata mpangilio huu. Kabla ya kuandika ingizo la tatu, weka salio la faida na hasara kando ya taarifa ya mapato na matumizi na uhakikishe ni namba moja. Ukishaandaa urari, funika safu za fedha kwa rula na usome majina tu: likionekana la mapato, gharama au matumizi binafsi, rudi kwenye leja. Kisha chukua urari wa mwaka jana na uhakikishe kila akaunti ya kudumu iliyokuwamo bado ipo au ina maelezo. Ukimaliza hayo, ondoa rula ujumlishe.